Udongo, jani la mpera na alama kumi za sanaa

Juzi mwalimu mmoja wa Mafinga aliniandikia: "Shikamoo mwalimu. Darasa la nne wamefinyanga, lakini nimekwama kwenye alama. Wenye kipaji nitawapa kumi, hawa wengine je?"

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Mimi nilikuwa mmoja wa hao wengine. Nikiwa shule ya msingi, mwalimu aliinua kazi yangu ya udongo mbele ya darasa akauliza ni mbuzi au ni kiazi. Watu wakacheka, nikapewa mbili. Hakuna aliyeniuliza nilivyoitengeneza, na mpaka leo linaniuma.

Sasa nafundisha Rungwe, na somo ninalojivunia kuliko yote ni kigae cha jani. Kila mtoto anapata donge la udongo la ukubwa wa ngumi yake, analikanda, analisambaza kwa chupa mpaka unene wa sentimita moja hivi, kisha anagandamiza jani. Pembeni anapamba kwa vitu alivyookota: kizibo cha soda huacha duara lenye meno, gunzi la mahindi likiviringishwa huacha safu za vishimo.

Udongo wa bustani haufai, hauna mnato. Chukua ule wa bondeni unaonata mkononi. Viringisha kamba nene kama penseli, uizungushe kwenye kidole. Isipopasuka, umepata. Ikipasuka, ongeza maji kidogo ukande tena; ikiendelea kupasuka, udongo huo una mchanga mwingi, tafuta mwingine.

Mtoto mmoja wa darasa la nne alinifundisha namna ya kutoa alama. Alianza na jani la mgomba kwa sababu ni kubwa na analipenda. Alama yake ikatoka hafifu, mistari tu isiyoonekana vizuri. Sikumwambia kitu. Akalitazama, akaenda nje akarudi na jani la mpera, akaligandamiza upande wa juu. Bado hafifu. Akapapasa jani kwa vidole, akaligeuza, na safari hii mishipa yote ikatokea, hadi ile midogo. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mwalimu, mgongo wake una mifupa."

Kigae chenyewe kilikuwa kimepinda na kona moja imemeguka. Jirani yake alitengeneza kizuri mara ya kwanza, akakaa akitazama dirishani hadi kengele. Ukisahihisha vigae mezani baada ya kipindi, jirani anashinda. Aliyejifunza zaidi ni nani?

Kwa hiyo kumi zangu nazigawa hivi. Tatu ni za kujaribu: je, alipima jani au kizibo kwenye kipande cha udongo kabla ya kuamua? Nne ni za kurekebisha: kilipoharibika alifanya nini? Tatu za mwisho ni za kueleza kwa maneno yake mwenyewe, hata kama ni mifupa ya jani. Uzuri hauna alama. Yule aliyemaliza mapema simwadhibu. Nampa jani gumu zaidi, au namwambia aongeze mkono wa kushikia, aonyeshe anavyorekebisha.

Mkono huo ndio utakaokuonyesha mengi. Mtoto akiubandika tu, ukikauka unadondoka. Lazima akwaruze pande zote mbili kwa kijiti, apake uji wa udongo, ndipo abane. Anayerudia baada ya kudondoka ana alama zake nne, hata ukidondoka tena.

Najua utauliza habari ya wanafunzi sabini. Huwezi kuwatazama wote kwa kipindi kimoja, usijaribu. Beba orodha ya majina, chagua safu moja kila kipindi, andika neno moja kwa kila mtoto papo hapo: "aligeuza", "alikwaruza", "aliacha". Mkaguzi mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini kigae kibaya kina tisa na kizuri kina tano. Nilimfungulia orodha ile. Hakufurahi, lakini hakuwa na la kujibu. Mwalimu usiyeandika utashindwa kujitetea, na watoto wako wataumia kama nilivyoumia mimi.

Kigae kikauke taratibu. Mwezi wa saba huku upepo ni mkavu, na kigae kikiachwa juani kingo hukauka kabla ya katikati, kinapasuka. Funika kwa nailoni kivulini siku mbili tatu, kisha fungua. Kukijua kimekauka, kiguse na shavu: kikiwa baridi, bado kina maji ndani. Ukichoma hivyo mvuke utakilipua, na wafinyanzi wa Kikisi kule Ziwa Nyasa, ambao vyungu vyao vinauzwa soko la Matema, hawathubutu. Darasani si lazima kuchoma, mradi kisilowe.

Vilivyovunjika kabla ya kuchomwa usitupe. Viache vikauke kabisa ndipo uvitumbukize kwenye ndoo ya maji. Kikavu hulainika haraka kuliko chenye unyevu, na kipindi kijacho una udongo.