Kiatu cha mkanda na kiatu cha gundi: lini soli mpya inalipa

"Wakuu, nina kiatu cheusi cha ofisini, ngozi, nilikipata mtumba. Soli imelika katikati. Fundi mmoja anataka 40,000 aweke soli mpya na kuishona, mwingine anasema 15,000 anagandisha tu. Nilipe ipi, au nitafute kiatu kingine?"

Mkuu, jibu liko kwenye ukingo wa kiatu chako, pale ngozi ya juu inapokutana na soli. Viatu vingine vina mkanda mwembamba wa ngozi unaozunguka pale. Mkanda huo umeshonwa kwa ndani pamoja na ngozi ya juu na soli ya ndani, halafu soli ya chini ikashonwa kwenye mkanda kwa uzi mwingine. Maana yake soli ya chini haijagusana na mwili wa kiatu kwa uzi wowote. Fundi anakata ule uzi wa nje, anaibandua soli iliyolika, anashona nyingine kwenye mkanda uleule, na ngozi ya juu haijaguswa. Kiatu cha aina hiyo kimetengenezwa kikisubiri soli ya pili na ya tatu.

Cha gundi ni kingine. Ngozi ya juu imekunjwa chini ya kiatu, ikapakwa gundi, soli ikabandikwa. Ukitaka kubadilisha, lazima ule mkunjo usuguliwe hadi gundi ya zamani itoke, na kila unaposuguliwa unakonda. Mara ya kwanza kwa kawaida huvumilia. Ya pili mara nyingi unakuta ngozi imebaki nyembamba kiasi kwamba soli mpya haina pa kushika.

Angalizo: viwanda vingi hubandika mkanda wa urembo wenye nyuzi za uongo. Mimi pale Karume kabla sijauliza bei nakigeuza kiatu. Nyuzi za juu ya mkanda zinatakiwa zitokee chini ya soli, au uone mstari wa mfereji zilimofichwa. Kama juu kuna uzi na chini ni mpira mtupu usio na alama, nakihesabu cha gundi, labda nione kwa macho kwamba uzi umefunikwa na tabaka jingine la mpira. Halafu naingiza mkono ndani. Nikiona nyuzi zinazunguka juu ya soli ya ndani, hicho kimeshonwa moja kwa moja bila mkanda. Kinabadilishika, ila kinahitaji mashine yake, na si kila fundi anayo.

Ukishajua hilo, kagua ngozi ya juu pale vidole vinapokunjia. Mikunjo si shida. Ila ngozi ikiwa imepasuka hadi unaona nyuzinyuzi zake, usitoe hata 15,000. Bonyeza pia soli ya ndani: ikiwa imekatika, kazi inakuwa kubwa kuliko kiatu.

Nikupe hesabu yangu. Nina kiatu cha kahawia cha mkanda, nilikinunua 50,000 nikakiwekea soli ya mpira kwa 40,000. Jumla 90,000, na kwa mwendo wangu soli ile inanipa kama miaka miwili, yaani 45,000 kwa mwaka. Soli ijayo nitalipa 40,000 tu, kwa hiyo mwaka unashuka hadi 20,000. Kiatu cha gundi cha dukani cha 45,000 kwangu hakimalizi mwaka. Kwa hiyo kama chako ni cha mkanda wa kweli na ngozi ni nzima, lipa 40,000. Kama ni cha gundi, hiyo 40,000 hailipi. 15,000 inalipa endapo ngozi ni nzuri na soli anayoweka ni ya mpira mzito.

Soli ya povu jepesi iliyoandikwa PU ikianza kumeguka yenyewe, hata kama haijalika, usikubali ibandikwe tena. Unyevu umeshaivunja kutoka ndani, na gundi itashika makombo.

Kwa fundi wa kushona, sema mambo mawili kabla hajaanza. Apitishe sindano kwenye matundu ya zamani ya mkanda kila inapowezekana, maana akitoboa mapya katikati yake mkanda utachanika kama karatasi ya stempu. Na achonge mfereji chini ya soli ili uzi uzame. Uzi ukikaa juu ya mpira, lami itaukata mapema. Kwa gundi, apake pande zote mbili, asubiri hadi ukigusa isinate kidoleni, ndipo agandishe na kugonga. Anayebandika gundi ikiwa bado mbichi, soli itaachia ncha ya mbele kwanza.

Siku ya kuchukua, viweke mezani vyote viwili uvitazame kwa nyuma. Kisigino kikiegemea upande, mrudishie palepale kabla hujalipa.