Uzi na Rula kwenye Kiganja cha Mpwa Wangu

Swali la wiki: "Msomaji wa viganja aliniambia kwamba mstari wangu wa maisha ni mfupi, kwa hiyo sitazeeka. Je, urefu wa mstari huo unaonyesha umri kweli? Na kama hauonyeshi, unaonyesha nini?"

Mheshimiwa Mhariri,

Ninaandika kutoka Lindi mjini. Nilijifunza kusoma viganja kwa marehemu mjomba wangu, na tangu alipofariki watu wameendelea kuniletea mikono yao barazani, wengine kwa mzaha na wengine kwa hofu. Kwa sehemu ya kwanza ya swali jibu langu ni hapana, na nina hakika mjomba angejibu hivyo hivyo. Sehemu ya pili inahitaji maelezo marefu zaidi, nami nitayatoa kwa kutumia mkono mmoja ninaoufahamu vizuri, ambao mwenyewe ameniruhusu kuueleza.

Mkono huo ni wa mpwa wangu, kijana mwenye shamba la urithi huko Mtama. Mwaka juzi, mvua zilipokaribia, tulikubaliana apande mikorosho mipya kwenye ekari moja, yaani miche 28 kwa nafasi ya mita 12 kwa 12. Miche ilinunuliwa ikawekwa kivulini, lakini mashimo hayakuchimbwa. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwa sauti ya chini: "Mjomba, mkorosho unataka miaka mitatu au zaidi ndipo uanze kuzaa, na kuzaa kwenyewe kwa maana ni baadaye sana. Mimi nimeambiwa mwisho wangu ni miaka thelathini na mitano. Sasa nampandia nani?" Wakati huo alikuwa na miaka 27, na maneno hayo alikuwa ameambiwa na mtu mmoja karibu na stendi, kwa malipo.

Nilimketisha barazani, nikaleta uzi na rula. Mstari wa maisha huanzia ukingoni mwa kiganja, kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, ukauzunguka mnofu ulio chini ya kidole gumba, ambao wasomaji wa viganja huuita kilima cha Zuhura, kisha ukateremka kuelekea kifundo cha mkono. Niliulaza uzi juu ya mstari wa mkono wake wa kushoto tangu mwanzo hadi pale ulipopotea, nikapata sentimita 5. Kisha nikauendeleza uzi kwa kufuata mzunguko wa kilima mpaka kifundoni, nikapata sentimita 10. Hapo nikafahamu umri wa miaka 35 ulikotoka. Wasomaji wengi huugawa mstari wa maisha katika miaka, wakihesabu kutoka juu kwenda chini, ili waweze kusema tukio fulani lilitokea au litatokea karibu na umri fulani. Yule bwana aliihesabu njia nzima kuwa miaka 70, na kwa kuwa mstari uliishia nusu ya njia, akatoa nusu ya miaka.

Sasa tazama udhaifu wa hesabu hiyo. Wako wasomaji wanaoihesabu njia hiyo hiyo kuwa miaka 80, na wako wanaoihesabu kuwa 100. Kwa wa kwanza mpwa wangu angefika miaka 40, na kwa wa pili angefika 50, ilhali mkono haujabadilika hata kidogo. Zaidi ya hayo, mgawanyo wa miaka uliwekwa ili kupanga matukio ndani ya maisha ya mtu, kama vile ugonjwa, kuhama au kuoa, haukuwekwa ili kuonyesha pale maisha yanapokoma. Mstari ukififia, mwenye kuifahamu kazi hii husema kwamba kuanzia hapo mstari hauna habari nyingi, na hapo huhamia kwenye mistari mingine ya mkono ule ule.

Kisha nilimwomba mpwa wangu alegeze mkono, kwa sababu alikuwa ameukakamaza kama mtu anayesubiri sindano. Kiganja kikinyooshwa kwa nguvu, ngozi huvutika na ncha ya mstari hupotea machoni. Nilimwambia alete kidole gumba taratibu kuelekea shina la kidole kidogo, na mara mkunjo hafifu ukajitokeza, ukaendelea sentimita 2 zaidi ya pale nilipokuwa nimesimamisha uzi. Nilimwambia kwamba kwa hesabu ya stendi sasa atafika miaka 49, kwa hiyo nimemwongezea miaka 14 kwa kumkunjisha kidole gumba tu. Alicheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Mkono wa kulia, ambao yule bwana hakuutazama kabisa, ulikuwa na habari nyingine. Kwa mtu anayetumia mkono wa kulia, mapokeo ya kazi hii husema kwamba wa kushoto huonyesha alichozaliwa nacho na wa kulia huonyesha alichojifanyia. Katika mkono huo mstari ulikatika baada ya sentimita 6, lakini kabla haujakatika, mstari mwingine ulikuwa umeshaanza kwa upande wa nje, ukaandamana nao kwa takriban sentimita moja, kisha ukashuka mpaka karibu na kifundo. Mkatiko wa namna hiyo, wenye mistari miwili kupishana, husomwa kuwa ni badiliko kubwa la mwenendo wa maisha. Mtu mwenye pupa huona mahali pa kukatika na kusema kifo, bila kushusha jicho lake nusu sentimita kando.

Imani kuhusu urefu ni ya zamani. Aristoteli, Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika kwamba watu wenye maisha marefu wana mstari mmoja au miwili inayokata kiganja chote, na wenye maisha mafupi wana miwili isiyofika upande wa pili. Ukisoma kwa makini utaona kwamba alizungumzia mistari inayokata kiganja, wala hakuutaja huu unaozunguka kidole gumba. Katika zama zetu, mwaka 1990, madaktari wa Bristol, Uingereza, walichapisha vipimo vya mikono ya maiti 100 na wakakuta kwamba waliokufa wakiwa wazee walikuwa na mistari mirefu zaidi. Wapo wanaoutaja utafiti huo kwa furaha kubwa, lakini sababu nyepesi iko wazi: ngozi hukunjamana kadiri mtu anavyozeeka, kwa hiyo mkono wa mzee wa miaka 80 una mikunjo mirefu kwa kuwa mwenyewe ameshafika 80. Kupima maiti hakumwambii kijana chochote kuhusu kesho yake.

Kinachosomwa hasa ni kina na mpindo. Kina hakipimwi peke yake, bali hulinganishwa na mstari wa moyo na mstari wa akili, yaani ile miwili inayokata kiganja chini ya vidole, katika mkono ule ule, kwa mwanga unaotoka ubavuni. Mstari uliochimbika sawasawa na wenzake husomwa kuwa nguvu za mwili zinazotosha, yaani mtu anayechoka akalala na kuamka mzima. Ulio mpana lakini usio na kina husomwa kuwa nguvu zinazomwagika haraka. Ulio kama mnyororo husomwa kuwa kipindi cha afya yenye kuyumba. Mpwa wangu ana mstari uliochimbika, mwembamba na safi, na kwa lugha ya kazi hii huo mfupi wa kwake ni bora kuliko mrefu uliofifia.

Mpindo hupimwa kwa kushusha mstari wa kufikirika kutoka katikati ya shina la kidole cha kati. Mstari wa maisha ukitanuka mpaka kuufikia, husemwa kwamba mwenyewe ana ari, ustahimilivu na moyo wa kupenda watu na safari. Ukibana karibu na kidole gumba, husemwa kwamba ni mwangalifu, huzitunza nguvu zake na hapendi kuondoka nyumbani. Wa mpwa wangu umebana kidogo, jambo ambalo halikumshangaza mtu yeyote anayemfahamu.

Ninatumia neno "husemwa" kwa makusudi. Mikunjo hii hutokea mtoto akiwa tumboni, kati ya wiki ya 7 na ya 14 ya ujauzito au karibu na hapo, na huu wa kidole gumba hufuata mahali ngozi inapokunjika kidole hicho kinapoletwa ndani ya kiganja. Hivyo mpindo wake unategemea sana ukubwa wa ule mnofu na jinsi kidole gumba kilivyokaa. Ninachoweza kukithibitisha kwa macho ni umbo la mkono na athari za kazi. Tabia ninazozitaja baada ya hapo ni mapokeo, nami huzisema kama mtu anavyofungua mazungumzo, kisha humwacha mwenye mkono anikubalie au anikatalie.

Somo hilo nililipata kwa aibu. Nilipokuwa bado mwanafunzi, tulikuwa Mtwara na mama mmoja akanipa mkono. Mistari yake ilikuwa hafifu sana, kama iliyofutwa, nami nikaanza kumweleza habari za udhaifu wa mwili. Mjomba alinikatiza, akamuuliza mama yule kazi yake. Alikuwa mbanguaji wa korosho kwa mkono, na mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi. Vidole na kiganja chake vilikuwa vimechubuka na kuota ngozi mpya mara nyingi. Wala hakuwa dhaifu, kwani alibeba gunia lake mwenyewe akaondoka. Tangu siku hiyo siugusi mstari kabla sijauliza kazi.

Jambo moja tu katika eneo hilo hunifanya nimpeleke mtu hospitali, nalo halihusu mstari. Ni pale kilima cha Zuhura cha mkono mmoja kinaponywea na kuwa bapa kuliko cha mkono wa pili, hasa ikiwa kidole gumba, cha shahada na cha kati vinakufa ganzi usiku. Hiyo inaweza kuwa dalili ya mshipa wa fahamu uliobanwa kifundoni, na daktari ndiye wa kuipima.

Muulizaji akitaka kujitazama mwenyewe, alegeze mikono yote miwili, akunje kidole gumba kidogo, atafute mwisho wa kweli wa mstari na mistari inayoandamana nao, kisha alinganishe kina chake na mistari mingine. Rula anaweza kuiacha mezani.

Mpwa wangu alichimba mashimo wiki iliyofuata. Miche 4 ilikuwa imeshakauka kivulini, tukanunua mingine.

Msomaji wenu,
Lindi