Simu imepotea na chaneli ya YouTube ina hatua mbili: namna ya kuingia tena

Shemeji yangu anarusha mbashara mechi za ndondo YouTube, na mambo ya akaunti huwa ananiachia mimi. Tangu Novemba 2021, YouTube inataka kila mwenye chaneli inayoingiza pesa awashe uthibitishaji wa hatua mbili, la sivyo haingii YouTube Studio. Kwa hiyo kuwasha siyo mjadala. Shughuli ipo kwenye namna ya kuwasha ili siku simu ikienda, chaneli isiende nayo.

Kuwasha kwenyewe ni dakika chache. Chaneli iko ndani ya akaunti ya Google, hivyo unaingia `myaccount.google.com`, unagusa `Security`, halafu `2-Step Verification`. Hapo wengi huweka namba ya simu, wakaona meseji ya kwanza imeingia, wakafunga ukurasa. Tatizo ni kwamba namba iko kwenye simu, ile taarifa ya kugusa `Yes` inakuja kwenye simu hiyo hiyo, na programu ya Google Authenticator nayo imo humo humo. Ukihesabu ni njia tatu, ila mwizi anaziondoa zote kwa mkono mmoja.

Ndiyo maana cha kwanza nilichomwekea shemeji ni `Backup codes`. Zipo kwenye ukurasa ule ule, ukishuka chini. Google inakupa namba kumi, kila moja ina tarakimu nane, na kila moja inatumika mara moja tu. Hazihitaji mtandao wa simu wala laini. Nilizichapisha karatasini, nakala moja ikakaa kwenye bahasha ya hati za nyumba kwa dada, nyingine kwangu. Usizipige picha ukaziacha kwenye simu, wala usizihifadhi kwenye Google Drive ya akaunti hiyo hiyo, maana siku utakayozihitaji hutaweza kuifungua. Na ukitengeneza seti mpya, ile ya zamani inakufa papo hapo, kwa hiyo karatasi ya zamani ichane usije ukahangaika nayo.

Authenticator nayo ina mtego wake. Tangu 2023 inaweza kuhifadhi namba zake kwenye akaunti ya Google, na watu wakaona wamepona. Lakini kama zimehifadhiwa kwenye akaunti ile ile unayotaka kuifungua, utaombwa namba ili uzifikie namba. Njia iliyonyooka ni kuwa na simu ya pili wakati wa kuwasha, hata kama kioo chake kimepasuka. Ile picha ya QR inapotokea kwenye kompyuta, iskani kwa simu zote mbili kabla hujaendelea. Zote zitatoa tarakimu sita zilezile, zikibadilika kila sekunde 30, hata bila bando. Kama simu moja inatoa namba zinazokataliwa, angalia saa yake kwanza. Namba hizo zinatokana na muda, na saa iliyowekwa kwa mkono ikipishana na muda halisi, hazitakubali.

Sasa simu ya shemeji iliporwa akiwa kwenye bajaji, wiki yenye mechi ya nusu fainali. Tulianza na laptopu yake ya kurushia, siyo kwa bahati. Google huangalia kama kifaa, mtandao na mahali unapojaribia ni vile vya kawaida yako. Mtu anayekimbilia intaneti kafe ya mtaa mwingine anajiongezea maswali. Tukaandika barua pepe na nenosiri, ikaja skrini ya kutaka tuangalie simu. Chini yake kuna `Try another way`. Ukigusa unaona orodha ya njia zako, na mojawapo ni `Enter one of your 8-digit backup codes`. Dada akatusomea namba moja kutoka kwenye bahasha, tukaingia. Ile namba tukaikata kwa kalamu.

Ukishaingia, usikae kushangilia. Tulienda `Your devices`, tukachagua ile simu iliyoporwa, tukagusa `Sign out`. Simu ikiwa mikononi mwa mtu na haijafungwa, ile taarifa ya kugusa `Yes` inamfikia yeye. Baada ya hapo tukabadili nenosiri, tukaangalia kama barua pepe na namba ya kurejeshea akaunti bado ni zetu, tukaunganisha Authenticator upya, tukatoa seti mpya ya namba za akiba.

Kuna kitu kimoja ambacho hatua mbili hazikilindi kabisa: `Stream key`, yale maandishi marefu unayoyabandika kwenye programu ya kurushia. Shemeji alikuwa ameyaweka pia kwenye programu ya simu, ili siku laptopu ikigoma arushie kwa simu. Aliye nayo anaweza kurusha chochote kwenye chaneli yako bila nenosiri wala meseji. Kwa hiyo tulifungua Studio, sehemu ya kurushia mbashara, tukagusa `Reset` kando ya `Stream key`, kisha tukabandika mpya kwenye laptopu.

Tuseme huna karatasi wala simu ya pili. Hapo tegemeo lako ni laini. Kwa Tanzania unachukua taarifa ya upotevu polisi, unaenda duka la kampuni yako ya simu na namba ya NIDA, unaweka kidole, unapewa laini mpya yenye namba ile ile. Ukiiweka kwenye simu yoyote, hata kitochi, meseji ya Google inayoanza na `G-` inaingia. Hili linafanikiwa kama laini imesajiliwa kwa jina lako. Nimeona vijana wenye chaneli nzuri wakitumia laini iliyosajiliwa kwa kidole cha mtu waliyekutana naye kwenye mwavuli wa wakala. Piga `*106#` leo uone namba zipi ziko kwenye kitambulisho chako. Ikiwa ile ya YouTube haimo, hamisha akaunti kwenye namba yako ungali na simu mkononi.

Laini nayo ikishindikana, unabaki na `g.co/recover`. Jibu kila swali kadiri unavyokumbuka, hata nenosiri la zamani, badala ya kuruka. Google ikisema itakujibu baadaye kwenye barua pepe nyingine, subiri. Huo ni muda wa siku, wakati mechi ni Jumapili.

Kwa ajili hiyo, chaneli yoyote inayorusha kwa ratiba iwe na mtu wa pili. Kwenye Studio fungua `Settings`, halafu `Permissions`, umwalike mtu unayemwamini kama `Manager` kwa barua pepe yake mwenyewe. Anaweza kurusha mechi kutoka kwenye akaunti yake huku wewe ukipigania yako, na hajui nenosiri lako. Kuonyeshana nenosiri, kama timu nyingi zinavyofanya, kunaishia kwa watu watano kusubiri meseji ya namba kutoka kwenye simu ya mmoja.

Na ukiandika Facebook kwamba umefungiwa akaunti, watakufuata watu WhatsApp wakisema wanajua mtu wa ndani. Watakuomba hela kidogo ya kuanzia, kisha watakuomba ile namba ya `G-` itakayoingia kwenye simu yako. Namba hiyo ndiyo wanayoitaka. Wablock tu.