Saruji imekata chapa zote: mzigo mdogo niugawe vipi?

Swali: Nina duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Kigoma mjini. Saruji imekata, na si chapa moja, ni zote. Wiki hii naletewa mifuko 600 tu, wakati oda nilizonazo ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Kila mteja anadai yeye ndiye wa zamani. Niwaambie nini, na niigawe vipi bila kumwonea mtu?

Jibu: Ndugu yangu, kabla hujatangaza chochote, pigia simu mawakala wa chapa zote unazouza. Ikipatikana hata moja, wateja wapewe hiyo kwanza. Kama kweli zote hazipo, waambie hivyo waziwazi, la sivyo utashinda dukani ukijibu "basi nipe ile nyingine".

Kisha usigawe kwa kuangalia oda za sasa. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Mteja akishahisi kwamba mzigo unagawiwa kulingana na oda, anaongeza oda ili sehemu yake iwe kubwa. Angalia daftari la mauzo ya miezi mitatu kabla saruji haijaanza kuadimika, utafute wastani wa kila duka kwa wiki. Hesabu hiyo hakuna anayeweza kuivimbisha leo.

Tuchukue mifuko yako 600. Tuseme 120 ilishalipiwa kabla ya uhaba. Hiyo si ya kugawa, ni deni, itoke kwanza kwa bei iliyo kwenye risiti. Tenga 80 kwa rejareja, kila mtu asizidishe mitano, ili anayemalizia plasta ya chumba naye apate. Wateja wapya wasio na historia kwako nao waingie humo. Zinabaki 400 za maduka manne unayoyauzia kwa jumla.

Kwa kawaida duka la Mwanga huchukua 300 kwa wiki, la Gungu 250, la Ujiji 150 na la Kasulu 100. Jumla ni 800, na wewe una 400, kwa hiyo kila duka lipate nusu ya kawaida yake: 150, 125, 75 na 50. Sasa tuseme wa Gungu safari hii ameagiza 800, na wenzake wameagiza kama siku zote. Ungegawa kwa oda, Gungu angeondoka na 237, karibu mahitaji yake yote, na Mwanga aliyesema kweli angeambulia 89. Wiki inayofuata wote wangeagiza 800, nawe usingejua tena nani anahitaji nini.

Akitokea aliyeagiza pungufu ya mgao wake, mfano Ujiji akitaka 60 tu, mpe hiyo 60. Ile 15 iliyobaki wagawie wengine watatu kwa uwiano uleule.

Kuna mteja mmoja ambaye nusu haimsaidii: anayemwaga zege la slabu. Kazi ile haikatishwi katikati. Ukimpa mifuko 20 wakati anahitaji 40, atakaa nayo stoo ikipigwa na unyevu huku mwingine angeitumia leo. Mimi ningemwambia asimwage wiki hii, nikamwandika wa kwanza kwenye mzigo unaofuata kwa mifuko yake yote 40.

Ujumbe kwa wateja uwe mfupi, na wote waupate siku moja kabla gari halijashusha. Unaweza kuandika hivi: "Saruji ya chapa zote imeadimika kwa mawakala. Tunapokea mifuko 600. Waliolipia watapata yote. Maduka ya jumla yatapata nusu ya wastani wa manunuzi yao ya miezi mitatu kabla ya uhaba. Rejareja mwisho mifuko 5 kwa mtu. Mzigo mwingine tutatangaza ukishapakiwa." Ile sentensi ya mwisho izingatie sana. Kigoma tuko mwisho wa Reli ya Kati, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, na mvua zikikata njia huko kati, tarehe uliyoahidi inakugeuka. Usitaje siku hadi uwe na uhakika kwamba mzigo umeondoka.

Mgao huvuja zaidi kwenye rejareja. Ukiona guta lilelile linarudi mara ya tatu, kila safari na mnunuzi tofauti wa mifuko mitano, ujue kuna duka linajikusanyia. Andika namba ya simu na mahali pa ujenzi kwenye kila risiti, na kijana wako wa stoo asitoe mfuko bila risiti hiyo. Ndugu na marafiki nao wapange foleni ileile. Wateja wakiona mifuko 30 inatokea mlango wa nyuma, hesabu zote hizo hazitakuwa na maana kwao.