Sentensi yako ya kwanza umekwisha kuiandika, imezikwa katikati ya rasimu

Swali: "Wakuu, nina rasimu ya tangazo la darasa langu la kutunza hesabu za biashara ndogo. Ina maneno kama 300 na inaanza na 'Ndugu zangu wapendwa, ninayo furaha kubwa kuwatangazia kwamba...' Katikati nimeeleza jinsi watu wanavyouza siku nzima, na jioni wakihesabu fedha hawajui kama wamepata faida au wamekula mtaji. Nataka kuanza na 'Kuna kitu kikubwa kinakuja, kaeni mkao wa kula!' ili wanaoperuzi wasimame. Je, inafaa? Pia niweke picha gani, na nitume saa ngapi?"

Usithubutu kuirusha sentensi hiyo ya mkao wa kula. Nimeisoma nikajiona mimi mwenyewe wa miaka michache iliyopita, nikiwa na darasa tayari, chumba tayari, mashine tayari, na fumbo lililoniachia viti vitupu.

Darasa langu lilikuwa la mafundi cherehani wanaojua kushona lakini hawajui kukata. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa ndugu ya damu ya hiyo yako, yenye heshima na taadhima na furaha kubwa, na nilihisi, kwa haki kabisa, kwamba hakuna mtu angeisoma. Kosa halikuwa kuhisi hivyo, bali ni dawa niliyokwenda kuitafuta. Nilimlipa mtu aliyejiita mwalimu wa kuandika maudhui, naye kwa wiki nzima alinifundisha kanuni moja tu aliyoirudia kama dua: "Usiwape kitu, wape hamu." Akaifuta rasimu yangu yote na kuniachia mstari huu: "Kuna siri ambayo mafundi wakubwa hawataki uijue..." Nukta zile tatu za mwisho alizisifia kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya.

Watu walisimama, hilo silikatai. Maoni yalimiminika: "Siri gani?", "Tunasubiri", "Tupe basi". Wawili waliniuliza faraghani kama ninauza dawa, na mmoja alitaka kujua iwapo mbegu zangu zinahitaji maji mengi, jambo ambalo hadi leo sijaelewa alilitoa wapi. Nilikuwa na nafasi 12. Walijiandikisha watu 2, na mmoja wao alikuwa binamu yangu, ambaye hajawahi kumiliki cherehani na nadhani alikuja kwa huruma.

Uchungu wenyewe ulinipata wiki kadhaa baadaye. Fundi mmoja ninayemfahamu, mtu ambaye darasa lile lilitengenezwa kana kwamba nilimpima yeye kwa futi, aliniambia kwamba tangazo aliliona, akalipita. Alisema: "Ungesema ni kukata, ningekuja. Mimi nilidhani ni wale wa siri za utajiri." Huyo ndiye msomaji mmoja niliyemhitaji. Alikuwa na kitambaa cha mteja mezani, alipitisha kidole kwenye kioo cha simu, na katika maneno yangu yote hakuona cherehani, mkasi wala kitambaa.

Kasoro ya fumbo ni kwamba linamsimamisha kila mtu kwa kiwango kilekile. Mwenye shida na asiye na shida wote hujiuliza "siri gani?", kisha anayebaki kuendelea kusoma ni yule mwenye muda wa kupoteza, wakati mwenye shida halisi, ambaye kwa kawaida ndiye mwenye kazi nyingi, huondoka kwa sababu hakuna kilichomwambia kwamba yeye ndiye anayeitwa. Yule mwalimu wangu alihesabu waliosimama. Hakuwahi kuniuliza waliosimama ni akina nani, na mimi, kwa ujinga ambao leo naucheka ili nisiulilie, sikuuliza pia.

Basi kanuni yangu ni hii, na ndiyo pekee niliyo nayo: usitunge sentensi ya kwanza, ichimbue. Aliyeandika rasimu ndefu kwa kawaida amekwisha kuiandika sentensi anayoihitaji, ila ameizika katikati, kwa sababu mwandishi hupasha moto kwa aya mbili za salamu na sifa kabla hajafika kwenye jambo lililomfanya aanzishe darasa. Ukikaa kubuni mstari mpya juu ya rasimu hiyo, utaleta fumbo au majigambo, kwa kuwa vitu vya kweli vyote umevitumia huko chini.

Lugha yetu inatupa njia rahisi ya kuitafuta, yaani kutazama viambishi vya mwanzo vya vitenzi. Rasimu yangu ilianza hivi: "Ndugu zangu wapendwa, kwa heshima na taadhima ninayo furaha kubwa kuwatangazia kwamba, baada ya maandalizi ya muda mrefu, hatimaye tumefanikiwa kuanzisha mafunzo ya kipekee ya ubunifu wa mavazi yatakayotolewa na mkufunzi mwenye uzoefu wa miaka 14." Angalia watendaji: ninayo, tumefanikiwa, yatakayotolewa. Mimi nipo, sisi tupo, hata mafunzo yapo, lakini msomaji hatendi lolote. Nilichukua kalamu na kupigia mstari kila kitenzi ambacho mtendaji wake ni "u-" au "m-" ya msomaji, na katika rasimu nzima nilipata sentensi moja tu yenye uhai, nayo ilikuwa ya saba: "Nimeona kwamba wengi wenu mnashona vizuri sana, lakini ikifika kwenye kukata kitambaa mnampelekea mtu mwingine kwa kuhofia kuharibu mali ya mteja."

Hiyo ndiyo niliyoipandisha juu, kisha nikaanza kupunguza. "Nimeona kwamba" iliondoka kwanza, maana msomaji hahitaji kujua nani ameona. "Wengi wenu mnashona" ikawa "unashona", kwa sababu mtu huperuzi akiwa peke yake na simu yake, na ukimwita katika kundi humpa nafasi ya kudhani unawasema wengine. "Sana" na "ikifika kwenye" zilikuwa hewa tupu. Kilichonisumbua ni ile hofu ya kuharibu mali ya mteja, kwa sababu ni ya kweli na inauma, na nilitamani ibaki. Niliishusha kwenye sentensi ya pili. Mtu hapendi kubonyeza tangazo linalomwita mwoga mbele ya watu wanaoona anachobonyeza, lakini kumpelekea mwenzako kitambaa akukatie ni tendo tu, analijua, analifanya kila wiki, na halimvunjii heshima.

Mwishowe nilibaki na: "Unashona vizuri lakini bado unampelekea mwingine akukatie kitambaa? Darasa la kukata, wiki 6, nafasi 12." Ukihesabu na nafasi za katikati ya maneno, hizo ni herufi 104. Hesabu hiyo si mapambo. Programu hizi hukata maelezo na kuweka neno "zaidi". Kwenye Instagram kwa mfano hukata kwenye herufi ya 125 hivi, na mahali pa kukata hubadilika kulingana na simu na programu, kwa hiyo mimi hujipangia kwamba kila kilicho muhimu kiishe kabla ya herufi ya 110. Kwa kipimo hicho, ile sentensi yangu ya heshima na taadhima ilikatwa hata kabla ya kufika kwenye neno "tumefanikiwa". Niliijaribu kwenye simu ya mtu mwingine, na kwa kweli kilichoonekana kilifanana na mwanzo wa tangazo la msiba.

Utaona kwamba nimetumia swali, na najua kuna wanaoyachukia. Swali linafaa pale tu ambapo mlengwa atajibu "ndiyo" na asiye mlengwa atajibu "hapana". "Je, unataka kufanikiwa?" ni swali lisilochuja mtu, kwa hiyo ni lile fumbo langu lililobadilishiwa nguo. Swali langu la kitambaa, asiye fundi hulipita bila kujuta, na hilo nililikubali kwa hiari. Maoni yalipungua sana kuliko wakati wa siri, kiasi kwamba siku ya kwanza nilikaribia kulifuta tangazo. Walikuja watu 9, wote wakiwa na cherehani zao nyumbani, na hakuna aliyeniuliza habari za mbegu.

Kabla ya kurusha, fanya jaribio moja. Mwoneshe mtu asiyejua unafanya nini mstari huo peke yake, kwa muda wa kuvuta pumzi moja, kisha ficha simu na umuulize: "Hili linamhusu nani?" Akijibu "wafanyabiashara wadogo wasiojua faida yao", umefika. Akijibu "sijui, ila linavutia", rudi kwenye rasimu, kwa sababu hayo hasa ndiyo maneno aliyoniambia jirani yangu kuhusu siri ya mafundi wakubwa, nami nikayapokea kama pongezi. Usimuulize kama ameupenda. Kila mtu atakuambia ameupenda.

Sasa tazama ulichokiandika mwenyewe katika swali lako, bila msaada wa mtu, ulipokuwa unajieleza tu: watu wanauza siku nzima na jioni hawajui kama wamepata faida au wamekula mtaji. Umeliweka hilo katikati, kisha ukaenda kutafuta mkao wa kula! Lichimbue: "Umeuza siku nzima na hujui kama fedha iliyo mkononi ni faida au ni mtaji unaoula?" Herufi 81. Panabaki nafasi ya kutosha kuongeza "Darasa la hesabu" pamoja na tarehe ya kuanza. Neno "mtaji" lenyewe litafanya kazi ya kuchuja, kwa kuwa mwajiriwa anayengoja mshahara hatasimama hapo, na anayelaza fedha chini ya godoro akijiuliza kesho atanunulia nini bidhaa atasimama. Angalizo dogo tu: kama darasa lako halifundishi kutenganisha faida na mtaji katika somo la kwanza au la pili, usiliandike hilo juu, maana watakuja kwa ajili ya hilo na watakudai hilo.

Salamu zako usizitupe kama zinakuuma. Zangu nilizihamishia chini kabisa, baada ya namba ya kujiandikisha, na wapendwa wangu bado ni wapendwa. Furaha kubwa ya kuwatangazia nayo ihamie huko, ikae na uzoefu wako wa miaka yote.

Rasimu yenyewe iweke hapa yote, maneno 300 kamili, hata yale unayoyaonea aibu. Nashuku kwamba mna sentensi nyingine humo nzuri kuliko hii niliyoichimbua, na ningependa kuiona kabla hujabonyeza kitu.