"As" au "like", "such" au "so"? Kadi ya kuwaaga wageni

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko mapokezi kwenye nyumba ya wageni huku Paje. Juzi niliandika kadi ya kuiaga familia iliyokaa kwetu: "You are so kind people. You danced as real Zanzibaris. What a lovely weather we had! Come again next year, like we agreed." Meneja akanirudishia, akasema kila sentensi ina kosa, lakini hakunionyesha. Naomba unieleze lini ni "as" na lini ni "like", na hizi "such" na "so" nazitofautishaje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Sentensi tatu za mwanzo zina makosa kweli. Ya nne inategemea unamwandikia nani, na kwa kadi kama hiyo mimi ningeiacha ipite.

Nianze na ile ya ngoma, kwa kuwa ndiyo iliyobadilisha maana kabisa. "You danced as real Zanzibaris" inasema kwamba wageni wale ni Wazanzibari, na walicheza wakiwa ni Wazanzibari. Wewe ulitaka kusema walicheza mpaka ungedhani wamezaliwa Makunduchi. Hapo panahitaji "like": "You danced like real Zanzibaris."

Kinachotuponza ni "kama" yetu. Tunasema "anafanya kazi kama muuguzi" na msikilizaji anaamua mwenyewe iwapo huyo dada ni muuguzi wa kuajiriwa au anahangaika na wagonjwa mfano wa muuguzi. Kiingereza hakimwachii msikilizaji uamuzi huo. "She works as a nurse" ni ajira yake. "She works like a nurse" ni kumfananisha tu, na huenda hajawahi kukanyaga chuo cha uuguzi.

Dawa yake iko kwenye Kiswahili chenyewe. Kabla hujaandika, ondoa "kama" kwenye sentensi uliyonayo kichwani na ujaribu kuweka "nikiwa", "akiwa" au "wakiwa". Sentensi ikibaki na maana uliyoikusudia, andika "as". Ikiharibika, lakini ikapokea "mithili ya" au "mfano wa", andika "like". "Walicheza wakiwa Wazanzibari" si ulichotaka kusema. "Walicheza mithili ya Wazanzibari" ndicho hasa. Kipimo hicho kinafaa pia kwa vitu: "We used the kanga as a curtain" maana yake kanga ilitundikwa dirishani ikiwa ndiyo pazia.

Uangalifu unahitajika zaidi unapozungumza kwa cheo au kwa udugu. Mzee akimwambia kijana "As your father, I advise you to wait", anasema yeye ndiye baba, na kwa nafasi hiyo anashauri. Akisema "Like your father, I advise you to wait", maana inageuka: baba wa kijana ni mtu mwingine, naye pia ameshauri vivyo hivyo. Nimeona barua za kuomba kazi zikianza na "Like a trained receptionist, I can...". Mwombaji ana cheti mkononi, lakini kwa neno hilo amejieleza mithili ya mtu anayefanana na aliyesomea kazi hiyo. Kwa hiyo kwenye barua zako, ukitaja wewe ni nani, iwe "as" daima.

Sasa "like we agreed". Hapa kinachofuata "kama" si jina la mtu wala la kitu, ni kitendo: kama tulivyokubaliana. Utaitambua haraka kwa hiyo "-vyo-" iliyo ndani ya kitenzi. Kama nilivyosema, kama ulivyoagizwa, kama inavyojulikana: kila "-vyo-" inapojitokeza, Kiingereza cha kuandika kinataka "as". As I said, as you were told, as everyone knows. Katika mazungumzo, Waingereza na Wamarekani wenyewe husema "like I said" kutwa kucha, na si jambo la jana. Mwaka 1954 sigara za Winston zilianza kutangazwa Marekani kwa maneno "Winston tastes good like a cigarette should", na wapenda sarufi wakalalamika kwamba ilipaswa kuwa "as". Kampuni haikubadilisha neno. Ndiyo maana nasema kwenye kadi ya kirafiki "like we agreed" haina ubaya, ila kwenye mtihani au barua ya kikazi andika "as we agreed". Ukiwa na shaka kwenye sentensi za "-vyo-", chukua "as", maana hapo haikosolewi popote.

Kuna "kama" ya tatu ambayo wewe hukuitumia, lakini kazini kwako utaihitaji kila siku: ile ya kulinganisha kipimo. Mgeni anauliza kuhusu chumba cha pili, nawe unataka kumwambia ni kikubwa kama hiki. Wengi husema "That room is big like this one." Mgeni ataelewa, lakini alichosikia ni kwamba vyumba vyote viwili ni vikubwa. Hajaambiwa kwamba vinalingana. Ukitaka kusema vinalingana, "as" huja mara mbili na kukizingira kivumishi: "That room is as big as this one." Kipimo chake ni "sawa na". Kama unaweza kusema "ukubwa wake ni sawa na wa hiki", basi ni "as... as". Kwa sababu hiyohiyo tunasema "the same as", kamwe si "the same like". Bei ya leo ni ileile ya jana: "The price is the same as yesterday."

Na unapotoa mifano, yaani "matunda kama maembe na mananasi", usiandike "fruits as mangoes". Ama "fruits like mangoes and pineapples", ama "fruits such as mangoes and pineapples", na hii ya pili ndiyo ya maandishi rasmi.

Tuje kwenye "such" na "so". Hapa lawama iende kwa "sana". Tunasema "ninyi ni wema sana" na "ninyi ni watu wema sana", na "sana" inakaa palepale mwishoni bila kujali kama nomino imetajwa. Kiingereza kinajali hilo tu. Tazama neno la mwisho la kile unachokisifu. Likiwa ni sifa yenyewe, tumia "so": "You are so kind." Likiwa ni nomino, tumia "such": "You are such kind people." Ulichofanya ni kuanza na "so" ukiwa na "kind" akilini, halafu ukaongeza "people" bila kurudi kubadilisha neno la mbele. Karibu kila ninapokutana na kosa hili, limetokea hivyohivyo. Kosa la upande wa pili ni "It was such nice to meet you": hakuna nomino baada ya "nice", kwa hiyo ni "so nice".

Baada ya "such", nomino ikiwa ni ya kitu kimoja kinachohesabika, lazima katikati paingie "a" au "an": such a kind man, such an honest driver. Ikiwa ni wingi, haiingii: such kind people. Na ikiwa ni kitu ambacho Waingereza hawakihesabu, haiingii pia. Hapo ndipo hali ya hewa ilipokukwamisha. "Weather" haihesabiki kwao, hivyo ni "What lovely weather we had!" au "We had such lovely weather!" Sheria ni moja kwa zote mbili, kwa sababu "what" ya mshangao hufuata nyayo za "such", na "how" hufuata za "so": What kind people! How kind!

Kwa bahati mbaya, hapa Kiswahili hakikusaidii, bali kinakupotosha. Sisi husema habari mbili, mizigo mitatu, samani nne, mashauri mengi, tukaona hakuna tatizo. Kiingereza hakihesabu "news", "luggage", "furniture" wala "advice". Kwa hiyo ni "such good news", "such heavy luggage", "such good advice", bila "a". "Work" nayo haihesabiki ikiwa na maana ya kazi kwa jumla, ingawa "job" inahesabika. Ndiyo sababu tunasema "such hard work" lakini "such a hard job". Maneno haya ni ya kukariri, na kwa mtu wa mapokezi yale yanayokuja kila siku hayazidi kumi. Angalia tu "time": kwa kawaida haihesabiki, lakini mtu akifurahia muda fulani husema "such a good time", na hapo "a" ni lazima.

Ipo sehemu moja ambapo nomino iko mwishoni na bado "so" ndiyo sahihi. Ni pale inapotanguliwa na neno la wingi au uchache: "so many guests", "so much noise", "so few towels", "so little water". Usiandike "such many guests" hata kidogo. Lakini ukitumia "a lot of", unarudi kwenye "such": "such a lot of noise".

Nimalizie na jambo la adabu ya maandishi, kwa kuwa najua utaandika pia barua pepe kwa mawakala wa safari. "So" na "such" hubeba hisia za msemaji, na kwenye kadi zinapendeza. Kwenye maandishi ya kikazi, ukisema "The sea was so rough" na kuweka nukta, msomaji hubaki anasubiri kilichofuata, mithili ya mtu anayesikia "bahari ilichafuka kiasi kwamba..." kisha msemaji akanyamaza. Ama mpe matokeo kwa "that", ama tumia "very". "The sea was so rough that the boat could not leave" imekamilika. "It was such a rough sea that the boat could not leave" nayo imekamilika. Na kama huna matokeo ya kumweleza, "The sea was very rough" inatosha.