Hina ya picha: ifuate kidole na mng'aro

"Bi harusi wetu wa Wete alipigwa picha kabla ya kutiwa hina. Nimeiongeza kwa Photoshop, lakini inaonekana kama stika. Nifanyeje?"

Dada, usitandaze mchoro mmoja mkono mzima. Kila kidole kipe leya yake, kwa Multiply, ili vivuli vya ngozi vionekane ndani ya rangi. Kisha fungua Edit > Transform > Warp. Kidole ni mviringo kama mwanzi, basi mistari inayokikata iiname kama pete, na maua ya pembeni yabanane yakikaribia ukingo. Hapo ndipo wengi hukosea.

Mng'aro ndio kazi yenyewe. Hina halisi imo ndani ya ngozi, kwa hiyo mwanga hukaa juu yake, ilhali Multiply huuzima. Bofya leya mara mbili, nenda Blend If, Underlying Layer. Shika Alt, igawe alama nyeupe, nusu ya kushoto uipeleke karibu na 170, ya kulia 235. Michoro ikionekana imebanduka kama piko la zamani, zitenganishe nusu hizo zaidi.

Na ncha za vidole zikoze kuliko mgongo wa mkono. Ngozi yake nene hushika hina zaidi.